Sekunde Kumi na Tatu

Pampu ya kisima kirefu isiyo na mita hupimwa kwa ndoo na saa. Unaweka ndoo ya lita 20 chini ya bomba linalomwaga tangini, unahesabu mpaka ijae. Ikijaa kwa sekunde 12, pampu inatoa lita 6,000 kwa saa. Ikifika sekunde 15, zimebaki lita 4,800. Mhudumu wa pampu yetu, mzee kutoka Fizi aliyekuwa kambini Nyarugusu tangu 1996, alifanya hesabu hiyo kila asubuhi kabla ya chai, akaandika namba moja tu kwenye daftari la shule: 12. Kesho yake 12. Kurasa kwa kurasa, 12.

Namba hiyo ilipobadilika, mimi ndiye niliyeambiwa kwanza, na mimi ndiye niliyekaa kimya. Nayaandika haya kwa ajili ya vijana wanaoanza kazi chini ya mabosi wakali. Nilichokosea hakikuwa cha ufundi.

Mwaka wenyewe ni 2015. Mwezi Aprili Burundi ilichafuka, watu wakaanza kuvuka. Wengi walishukia Kagunga, kijiji kidogo kwenye ufukwe wa Tanganyika, meli ya Liemba ikawabeba hadi Kigoma, wakalala uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawapandisha huku juu Kasulu. Kambi ya Nyarugusu ilikuwa ya Wakongo, na ilikuwa imejaa tayari. Katika miezi michache iliongezewa Warundi zaidi ya 100,000. Mwezi Mei kipindupindu kilikuwa kimeua watu Kagunga na Kigoma, kwa hiyo neno "maji" lilipotajwa kwenye kikao chochote, watu walikaa wima.

Mimi nilikuwa fundi sanifu wa shirika moja la maji na vyoo. Bosi wangu alikuwa injinia mwanamke kutoka Mwanza, mtu mzima, mfupi, wa maneno machache na hatua za haraka. Tulimwita Madam. Madam alikuwa na desturi ya kutoa kazi huku anatembea. Ukisikia viatu vyake kwenye kokoto nje ya kontena la ofisi, ujue kuna jambo lingine linakuja, na lile la jana halijafutwa.

Sasa, kosa langu lilianza Julai, kabla pampu haijawa na ugonjwa wowote. Tulikuwa tunasubiri kalibu za kumwagia slabu za vyoo. Zilikwama njiani. Nilijua zimekwama siku tano kabla, lakini nilitumaini zitafika. Siku ya kukabidhi vyoo nikamfuata Madam asubuhi, nikamwambia, "Madam, tuna changamoto ndogo ya kalibu."

Aliniuliza mbele ya mafundi wote, "Unaniambia leo?"

Hakutukana. Lakini aliuliza kwa namna ambayo mafundi walianza kuangalia viatu vyao. Nikarudi nyumbani Makere na somo moja kichwani: mama huyu hapendi habari mbaya. Ilinichukua zaidi ya mwezi, na watu 5,600 wakakosa maji, ndipo nikaelewa kwamba nililisikia swali lake nusu. Neno alilolikazia lilikuwa "leo." Habari ya kalibu angeimeza bila shida. Iliyomchoma ni kwamba siku tano za kutafuta kalibu kwingine zilikuwa zimepita mikononi mwangu, na yeye ameachiwa kazi ya kuomba radhi tu.

Jumatatu tarehe 3 Agosti, mzee akanionyesha daftari. 13.

"Mwanangu, hii mashini inachoka," akasema.

Nikamwambia nitaishughulikia. Naomba nikae kidogo kwenye neno hilo, maana ofisi zetu zimejengwa juu yake. "Inashughulikiwa." "Ipo kwenye mchakato." "Kuna changamoto ndogo." Maneno haya yana adabu, yanamtuliza anayeuliza, wala hayana uongo ndani yake. Lakini hayana namba, hayana tarehe, na hayamwachii bosi kitu cha kufanya. Ukimpa bosi sentensi ambayo jibu lake pekee ni "sawa," hujamtaarifu, umemsalimia.

Kusema kweli nilishughulika. Nilichota maji kwenye ndoo nyeupe, nikayaacha yatulie. Chini zikabaki punje za mchanga mweupe. Nikateremsha kamba ya kupimia kina, ile yenye taa inayowaka ikigusa maji, pampu ikiwa imezimwa usiku kucha, kisha tena ikiwa inafanya kazi. Kina kilikuwa kilekile cha siku kisima kilipojaribiwa. Hiyo ilikuwa habari kubwa. Kisima kikichoka, kina kinashuka, na dawa yake ni kupunguza saa za kusukuma. Kina kisiposhuka huku maji yanapungua na mchanga unatoka, basi ni pampu yenyewe inayoliwa na mchanga ndani, kama jiwe la kusagia lililokwisha meno. Hiyo haiponi. Inabadilishwa.

Kwa hiyo kufikia tarehe 5 Agosti nilijua ugonjwa, dawa yake, na kwamba pampu ya namna ile, ukijumlisha kupata bei, kusaini na lori kutoka Dar es Salaam, haifiki kambini chini ya siku 9. Mambo yote matatu nilikuwa nayo. Nikayafungia kwenye daftari.

Kwa nini? Kwa sababu Jumatatu iliyofuata, tarehe 10, ndoo ikiwa sekunde 14, viatu vilisikika kwenye kokoto. Madam alitoa kazi tatu bila kukaa: vyoo 40 vya kanda mpya viishe wiki hii, vilula vitatu vifunguliwe kabla ya Alhamisi maana wageni wa wafadhili wanakuja, na takwimu za maji za mwezi mzima ziwe mezani kwake Jumatano jioni.

"Sawa, Madam," nikasema. Mara tatu.

Nilikuwa na mafundi sita. Hesabu ya kidole ingenionyesha. Vyoo peke yake vilitaka mafundi wanne kwa siku tano. Vilula vilitaka watatu kwa siku tatu. Takwimu zilinitaka mimi mwenyewe siku nzima. Nilichokiita utii kilikuwa ahadi niliyojua haitatimia, na tayari nilikuwa na deni la pampu ambalo halikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Nilimwona Madam amebanwa, nikaona aibu kumwongezea mzigo. Kumbe ndiyo nilikuwa namwongezea, ila kwa mkopo.

Na muda wote huo nilikuwa nafanya jambo ambalo hata leo nikilikumbuka naona joto masikioni. Fomu ya kila siku ilikuwa na safu moja tu iliyosomwa na wakubwa: jumla ya lita. Pampu nzima, kwa lita 6,000 na saa 14 za jenereta, ilitoa lita 84,000. Gawa kwa 15, kile kiwango cha chini cha lita kwa mtu kwa siku, unapata watu 5,600, na ndio tuliokuwa nao kwenye kanda ile. Tangu ile 13, kila sekunde ilipoongezeka nilimwambia mzee aongeze saa za jenereta, na ndoo ilipofika sekunde 15, tarehe 17, zilikuwa zimefika 17 na nusu. Lita 4,800 mara saa 17 na nusu, unapata 84,000 vilevile. Tarehe 24 ndoo ikafika sekunde 17. Tukasukuma karibu saa 20. Fomu ikasoma vizuri kabisa. Kila namba niliyoandika ilikuwa ya kweli, na fomu nzima ilikuwa uongo.

Mtu makini angeweza kugundua. Dizeli ya mwezi ilikwisha tarehe 22, nikaomba nyongeza kwa kisingizio cha jenereta kunywa sana. Ukiwa bosi na unasoma haya, angalia kinachoongezeka pembeni ya namba isiyobadilika. Jumla ikikaa palepale huku mafuta, saa za ziada au vibarua vinapanda, kuna mtu anaibeba ile jumla mgongoni.

Usiku wa kuamkia Alhamisi tarehe 27 mota iliungua. Saa kumi na moja alfajiri mzee alinipigia simu akasema neno moja, "Imekufa."

Tangi lilikuwa na nusu yake tu. Saa mbili asubuhi madumu ya njano yalikuwa yamepangwa kuanzia kwenye kilula hadi barabarani, na kila dumu lina jiwe juu yake kuonyesha kwamba mwenyewe yupo. Saa sita, mstari haukuwa umesogea. Jioni tukawaona watoto wanapanda kutoka bondeni kijitoni na ndoo vichwani, na afisa afya akaja mbio na klorini. Tulipata maboza mawili kwa kuyanyang'anya kanda nyingine, nako wakaanza kupungukiwa. Kwa siku 9 watu wale waliishi kwa lita 6 au 7 kwa siku, kupika, kunywa na kufua humo humo. Hakuna aliyekufa, na hilo halikutokana na akili yangu yoyote.

Nilitegemea Madam atanikaanga. Hakupandisha sauti. Alikwenda kisimani, akakaa kwenye debe lililopinduliwa, akamwomba mzee daftari lake. Akapitisha kidole: 12, 12, 12, 13.

"Hii 13 uliijua lini?"

"Tarehe 3, Madam."

"Na kwamba ni pampu, sio kisima?"

"Tarehe 5."

"Pampu inachukua siku ngapi kufika?"

"Tisa."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema jambo ambalo sikuwa nalijua na nisingeweza kulijua. Tarehe 12 Agosti alikuwa kwenye kikao Kigoma. Kulikuwa na pampu mbili za akiba, ukubwa uleule, zimelala ghala la shirika jingine, na mezani pakaulizwa nani ana shida. Kila mwenye shida akanyoosha mkono. Yeye alifungua fomu zangu, akaona 84,000 kila siku, akasema sisi tuko sawa. Pampu zikaenda kwa wengine.

Nimelitafakari hilo kuliko lote. Nilikuwa nimeficha tatizo kwa sababu nililipima kwa uwezo wangu mimi: sina pampu, sina fedha, nikisema nitaonekana sijui kazi. Bosi ana vikao usivyoingia, ana simu za watu usiowajua, ana mafungu unayoyasikia tu. Tatizo lililokushinda wewe tarehe 5 lingeweza kumchukua yeye dakika mbili tarehe 12. Lakini alihitaji kuwa nalo mfukoni alipoingia mlangoni.

Baada ya hapo tulikubaliana mambo mawili, na yote mawili yalitoka kwake.

La kwanza lilihusu ule utitiri wa kazi. Alisema, "Usiniambie hapana, na usiniambie sawa. Niambie nini kisubiri." Tukabandika karatasi ya manila kwenye ukuta wa kontena. Kila kazi ina mstari wake: mafundi wangapi, siku ngapi, imeahidiwa lini. Akija na kazi mpya simbishii. Namwonyesha karatasi, namwambia, "Madam, mafundi wangu ni sita. Wanne wako kwenye vyoo mpaka Ijumaa. Nikiwatoa watatu kwa ajili ya vilula, vyoo vinasogea hadi Jumanne. Kipi kitangulie?" Mara ya kwanza niliuliza huku mikono inatetemeka. Aliangalia ile karatasi kwa sekunde kama kumi, akasema vilula, vyoo visubiri, akaondoka. Basi. Wiki nzima ya jasho ningeiepuka mwezi Agosti kwa swali hilo moja.

Nikaongeza kitu changu. Jioni ya siku hiyo namtumia ujumbe: "Kama tulivyozungumza, vilula Alhamisi, vyoo Jumanne." Si kwa ajili ya kumtega. Mtu anayetoa maagizo ishirini kwa siku anasahau, na mimi ninayepokea ninaweza kuwa nimesikia nilichotaka kusikia. Mara mbili alinijibu, "Hapana, sikusema hivyo," na mara zote mbili ilikuwa bado ni jioni ileile, bado hatujachimba popote.

La pili lilihusu habari mbaya. Neno "mapema" kila mtu analisema na kila mtu ana mapema yake. Sisi tulilifanya hesabu. Chukua siku ambayo jambo litaharibika, rudi nyuma idadi ya siku ambazo dawa yake inachukua kufika, kisha rudi tena siku kadhaa za bosi kufikiri na kuomba fedha. Hapo ulipotua ndiyo mwisho wa kusema. Kwa pampu ya siku 9, hata ungebashiri kwamba itakufa tarehe 27, mwisho ulikuwa katikati ya Agosti. Kwa mfuko wa saruji unaopatikana dukani Kasulu mjini, mwisho ni kesho yake. Ndiyo maana hakuna haja ya kumpigia bosi kila bomba likivuja. Nimefanya kazi na kijana aliyeripoti kila kitu, hata nati zilizolegea, na baada ya mwezi simu yake ikawa haipokelewi haraka. Kwa kila kifaa muhimu tulipanga namba kabisa. Ndoo ikifika sekunde 13, mhudumu ananipigia mimi. Ikifika 14, mimi nampigia Madam, saa yoyote.

Oktoba 2015 kambi ya Nduta kule Kibondo ilifunguliwa tena kupunguza msongamano wa Nyarugusu, nikahamishiwa huko. Madam akabaki kuwa mkuu wa pande zote mbili, kwa hiyo sasa alikuwa mbali, na mtandao wa simu ukawa wa kubahatisha. Wiki chache baadaye ndoo ya kisima kimoja ikagusa 14. Huu ndio ujumbe niliomwandikia, na nilikaa nao dakika ishirini kuufupisha:

"Shikamoo Madam. Kisima cha pili: ndoo imetoka sek. 12 hadi 14 ndani ya siku 6. Kina cha maji hakijashuka, mchanga upo. Sijaongeza saa za jenereta. Leo tunapata lita 72,000 badala ya 84,000. Njia ni mbili: kuagiza pampu, siku 9, au kuomba boza kuanzia wiki ijayo. Napendekeza pampu. Naomba jibu kabla ya Ijumaa saa 6 mchana, ikipita hapo hatuwahi lori la wiki hii."

Jibu lilikuja baada ya saa moja. "Marahaba. Usiagize bado. Boza kwanza."

Sikulipenda. Nilijua pampu ndiyo dawa. Nikajibu kwamba nimeelewa, boza litaanza Jumatatu, na nitampa kipimo kipya kila siku ya tatu. Nikaishia hapo, sikubembeleza, sikuzunguka kwa mtu wa manunuzi. Siku ya tatu, 15. Nikatuma namba tupu. Siku hiyohiyo akaandika, "Agiza." Baadaye nikasikia kwamba fungu la Nduta lilikuwa halijafunguliwa, na alihitaji siku zile tatu na ile namba ya 15 ili kulifungulisha. Angeweza kunieleza. Hakueleza, na sikumdai. Pampu ilichelewa siku tatu, boza likaziba pengo, hakuna dumu lililowekewa jiwe.

Sitasema kila bosi ni hivyo. Wapo ambao ukiwapelekea habari wanamgeukia mjumbe, mapema au usiku, namba au bila namba. Kwa hao nimejifunza kuandika badala ya kusema, kuacha majina ya watu nje ya ujumbe, na kubaki na nakala. Wanakasirika kidogo, kisha wanasahau taratibu. Zaidi ya hapo sina dawa.

Kule Nduta mhudumu wa pampu alikuwa binti wa Kirundi, hajafika miaka 25, aliyewahi kusoma hesabu kwao mpaka vita vya mitaani vikamtoa shuleni. Nilimpa daftari jipya na saa, nikamweleza habari ya sekunde 13.

"Nikupigie hata usiku?"

"Hata usiku."

Usiku mmoja wa Desemba, mvua inapiga bati kama kokoto, simu ikalia. Saa tisa na nusu. Nilipapasa chini ya mto nikaipokea.

"Shikamoo kaka. Ndoo imetoka 13."

Nilikuwa nimelala saa mbili tu. Swali lilikuwa limeshafika kwenye ulimi: unaniamsha kwa ajili ya sekunde moja? Nikaliona linavyokuja, na nikaitambua sauti yake. Nikalimeza, nikawasha taa.

"Marahaba. Umepima mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Asante. Nakuja."